Makaa, gesi au stima? Hesabu ya jiko la hoteli Nakuru

Wenye hoteli wengi Nakuru hulinganisha bei ya gunia la makaa na bei ya mtungi wa gesi, kisha wanaamua hapohapo. Hesabu hiyo haitoshi. Gunia na mtungi havibebi joto sawa, na si joto lote linalotoka motoni linalofika kwenye chakula. La kuuliza ni hili: kuivisha sufuria moja ya maharage, chai ya asubuhi au ugali wa saa saba kunagharimu shilingi ngapi? Ukilijibu kwa mizani na kalamu, utagundua kwamba hakuna nishati moja iliyo rahisi kwa kila chakula. Ya bei nafuu kwa maharage siyo ya bei nafuu kwa nyama choma, na hoteli inayotumia nishati moja kwa kila kitu inalipa zaidi kila siku.

Makala haya yanafanya hesabu hiyo hatua kwa hatua, kwa mfano wa hoteli ndogo ya chakula cha kawaida: chai, chapati, githeri, maharage, ugali, sukuma wiki, na nyama choma jioni. Bei zinazotumika ni za kufanyia hesabu tu. Weka za kwako mahali pake, njia itabaki ileile.

Kwanza, jua bei halisi ya unachonunua

Makaa yanunuliwe kwa kilo hata kama muuzaji anauza kwa gunia. Magunia hayalingani: lipo lililoshonewa wavu juu likajazwa kichwa kirefu, na lipo lililosukwa vizuri kwa nje huku ndani kukiwa na nafasi tupu. Beba mizani ya kuning'iniza. Gunia la shilingi 2,400 lenye kilo 40 linakupa kilo moja kwa shilingi 60. Likiwa na kilo 4 za vumbi na chenga chini, umebaki na kilo 36 za kuchoma, na kilo moja sasa ni karibu shilingi 67. Msimu wa mvua angalia pia unyevu, kwa sababu makaa yaliyolowa huongeza uzito unaoulipia, kisha hula joto kwa kujikausha kabla ya kukupa moto. Mti nao una maana. Makaa ya miti migumu, kama mathenge yanayotoka upande wa Marigat huko Baringo, ni mazito na hukaa na moto kuliko makaa ya miti laini. Ukinunua kwa mkebe hutaiona tofauti hiyo, lakini mizani itakuonyesha.

Gesi nayo ipimwe. Kila mtungi umechorwa uzito wake ukiwa mtupu. Mtungi wa kilo 13 ukiandikwa kwamba mtupu una kilo 13.4, ukijazwa lazima mizani isome 26.4. Ikisoma 25.4, umeuziwa kilo 12 kwa bei ya 13. Tuseme mtungi huo umegharimu shilingi 3,250: kilo moja imepanda kutoka 250 hadi karibu 271 bila bei kutangazwa popote. Nunua kwa muuzaji aliyeidhinishwa na mwenye chapa ya mtungi, maana mitungi inayojazwa kwa magendo ndiyo hupungua uzito, na hatari yake si ya pesa pekee. Mlipuko wa Embakasi, Nairobi, wa Februari 2024 ulitokea kwenye kituo cha gesi kilichokuwa kikiendeshwa kinyume cha sheria. Hoteli inayopika kutwa hupata nafuu kwa mtungi mkubwa wa kilo 50. Hapa tutahesabu 11,000 kwa mtungi huo, yaani shilingi 220 kwa kilo.

Stima ndiyo rahisi kupima. Chukua ujumbe wa tokeni, gawanya pesa ulizolipa kwa uniti ulizopata. Shilingi 1,400 zikikupa uniti 50, uniti moja ni 28, na humo mna kodi na tozo zote. Kuna jambo moja la kuangalia. Katika bei zilizoidhinishwa na EPRA kuanzia Aprili 2023, wateja wadogo wa biashara wamegawanywa kwa matumizi ya mwezi, na anayepita uniti 100 anaingia daraja la bei ya juu. Ukianza kupika kwa stima utapita hapo. Kwa hiyo usifanye hesabu kwa bei ya uniti ya leo ukiwa unawasha taa na friji pekee. Uliza bei ya daraja la juu, utumie hiyo.

Joto linalofika kwenye sufuria

Ili kulinganisha vitu vitatu, tuvipime kwa kipimo kimoja, na uniti ya stima inafaa kwa sababu kila mtu anaijua. Kilo moja ya makaa mazuri ina joto la takriban uniti 8. Kilo moja ya gesi ina karibu uniti 12.8. Uniti ya stima ni uniti moja.

Sasa tuondoe kinachopotea. Jiko la chuma lisilo na kauri hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto, tuseme asilimia 15, na jiko la kauri likiwa zima hufika asilimia 25 hivi. Meko ya gesi ya hoteli hufika karibu asilimia 50, kwa kuwa moto mwingi hupanda kandokando ya sufuria. Jiko la stima la koili hufika 70, na lile la induksheni, linalopasha chuma cha sufuria chenyewe, hufika karibu 85.

Ukigawanya bei zetu kwa joto linalofika kwenye chakula, uniti moja ya joto hilo inagharimu hivi:

- Makaa kwenye jiko la chuma: shilingi 50
- Makaa kwenye jiko la kauri: shilingi 30
- Gesi kwenye meko ya hoteli: shilingi 34
- Stima kwenye koili: shilingi 40
- Stima kwenye induksheni: shilingi 33

Soma orodha hiyo polepole. Jiko la kauri, gesi na induksheni zimekaribiana sana, na bei ikisogea kidogo zinabadilishana nafasi. Pengo kubwa liko kati ya jiko la chuma na jiko la kauri, makaa yakiwa yaleyale. Mwenye hoteli anayetumia jiko la chuma, au jiko la kauri lililopasuka na kutoa moto pembeni, ataokoa pesa za kwanza kabisa kwa kubadilisha jiko, hata asipogusa gesi wala stima.

Orodha hiyo haionyeshi muda. Makaa hayazimwi. Yanawashwa kabla ya chakula kuwa tayari kupikwa, na yanaendelea kuwaka chakula kikishatoka. Jiko lililojazwa kwa ajili ya ugali wa saa saba bado lina makaa mekundu saa tisa wakati hakuna mteja, na hayo ni makaa yaliyolipiwa. Gesi unaizima kwa kugeuza kitasa. Presha kuka ya stima hufanya zaidi ya kuzimika: imefunikwa na kuzungushiwa ganda, hivyo ikishapata joto hula stima kidogo sana kulihifadhi.

Kwa nini maharage ya Nakuru hula moto

Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Huku hewa ni nyepesi, na maji huchemka yakifika takriban nyuzi 94, si 100 kama Mombasa. Molo, kwenye mita 2,500 hivi, maji huchemka karibu nyuzi 92. Nyuzi hizo sita au nane huonekana ndogo, lakini maharage, mahindi makavu ya githeri, matumbo na nyama ngumu hulainika kwa joto, na joto likipungua muda hurefuka sana. Ndiyo sababu githeri inayowahi kuiva pwani hukaa motoni hapa hadi mpishi achoke kuongeza maji.

Wapishi wengi hujibu kwa kuongeza moto. Haisaidii. Maji yakishachemka hayapandi tena joto hata uyawashie moto wa namna gani, na moto wa ziada hugeuka mvuke unaotoka kwa mlango. Sufuria inayotokota taratibu chini ya mfuniko iko kwenye nyuzi zilezile 94 kama inayofurika povu. Kuloweka maharage usiku kucha na kufunika sufuria ni hatua mbili zisizogharimu kitu, na zitapunguza bili yako kwa nishati yoyote.

Presha kuka hubadilisha hali yenyewe. Mvuke ukifungiwa ndani, joto hupanda hadi karibu nyuzi 110 hata hapa Nakuru, na hakuna mvuke unaopotea. Kwa sababu hiyo chombo hiki kina faida kubwa zaidi Njoro, Molo na Nakuru kuliko Mombasa.

Tuchukue kilo 3 za maharage yaliyolowekwa, kwenye sufuria ya kawaida au kwenye presha kuka ya stima ya lita 21. Usijaze chombo hicho zaidi ya nusu ukipika maharage, kwa maana maharage hufura na maganda yake yanaweza kuziba tundu la mvuke. Makadirio ni haya:

Kwa makaa kwenye jiko la kauri, kupasha maji na maharage kisha kuyatokotesha kwa saa mbili na nusu, pamoja na makaa ya kuwashia na yanayobaki, huchukua kama kilo 2: shilingi 120. Kwa gesi, sufuria ikiwa imefunikwa na moto umeteremshwa, ni kilo 0.41: shilingi 90. Kwa presha kuka ya stima, ni uniti moja na nusu: shilingi 42.

Hata stima ikipanda maradufu hadi shilingi 56 kwa uniti, maharage hayo yatagharimu 84, bado chini ya gesi na makaa. Huo ndio uamuzi ulio wazi kuliko wote jikoni. Chochote kinachochemka zaidi ya saa moja kipelekwe kwenye presha kuka ya stima.

Vyakula vingine vinataka nini

Chai na maji ya moto vinafaa stima pia, kwenye birika kubwa la hoteli lenye kipimajoto, kwa sababu karibu joto lote huingia majini. Lita 40 hula kama uniti 4, yaani shilingi 112. Zikishachemka, mimina kwenye thamosi kubwa uzime birika. Ukiliacha liwashwe hadi jioni, faida yote itaondoka na mvuke.

Ugali, wali, sukuma na chapati ni kazi ya gesi. Zinataka moto mkali wa ghafla, kisha mdogo, kisha kuzimwa, na mpishi anautaka moto huo papo hapo oda ikiingia. Induksheni inaweza kushindana nayo kwa bei, lakini ina sharti moja: sufuria za alumini zinazotumika katika hoteli zetu nyingi hazipati moto juu yake. Inataka chuma kinachoshikwa na sumaku, chenye kitako bapa. Bandika sumaku ndogo chini ya sufuria zako kabla ya kununua jiko hilo. Zisiponasa, ongeza bei ya sufuria mpya kwenye hesabu.

Nyama choma ibaki kwa makaa. Mteja analipia ladha ya moshi, na makaa hufanya kazi yake vizuri pale nyama inapokaa moja kwa moja juu ya moto. Nakuru kuna njia nyingine ya kupata makaa. NAWASSCOAL, iliyo chini ya kampuni ya maji ya jiji, hutengeneza makaa ya matufe kutokana na taka za vyoo zilizochakatwa na unga wa mbao. Makaa ya kufinyangwa huchelewa kushika moto lakini hukaa muda mrefu, kwa hiyo hufaa kuchoma polepole na kuhifadhi joto la chakula. Yapime kwa kilo na kwa muda kama unavyopima mengine.

Hoteli ya mfano, siku moja

Tuseme hoteli yetu inapika kila kitu kwa makaa, kilo 15 kwa siku. Vyakula vya kuchemka muda mrefu vinakula kilo 6, chai na maji kilo 3, ugali, wali, mboga na chapati kilo 4, nyama choma kilo 2. Kwa shilingi 60 kwa kilo, siku inagharimu 900.

Ikihamia gesi kwa kila kitu isipokuwa nyama choma, vyakula vya muda mrefu, sawa na kilo 9 za maharage, vitagharimu kama 271, chai 132, ugali na wenzake 220, na nyama choma 120 zilezile. Jumla 743.

Ikichanganya, vyakula vya muda mrefu kwenye presha kuka vitakula uniti 4.5, tuzihesabu 5 kwa tahadhari, shilingi 140. Chai 112. Ugali, wali, mboga na chapati kwa gesi, kilo moja, 220. Nyama choma 120. Jumla 592.

Mchanganyiko unaokoa shilingi 308 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi ni 8,008 kwa mwezi. Gesi pekee ingeokoa 4,082. Kama presha kuka, birika, meko na nyaya vitagharimu 80,000, vitajilipa kwa miezi kumi. Ukiona hesabu yako inapita miaka miwili, anza na kifaa kimoja. Kiwe presha kuka, kwa sababu hapo ndipo pengo ni kubwa.

Angalia pia pale ambapo pengo ni dogo. Ugali na wenzake viligharimu 240 kwa makaa na 220 kwa gesi. Gesi ikipita shilingi 240 kwa kilo, makaa kwenye jiko zuri yatakuwa rahisi kwa kazi hiyo. Hili si jambo la kufikirika tu. Gesi iliwekewa ushuru wa VAT wa asilimia 16 Julai 2021, ukateremshwa hadi 8 mwaka uliofuata, ukaondolewa Julai 2023. Makaa nayo hufuata sheria za misitu. Marufuku ya ukataji miti katika misitu ya umma iliyowekwa mwaka 2018 ilibana soko kwa miaka mitano kabla ya Rais kutangaza akiwa Molo, Julai 2023, kwamba imeondolewa. Muuzaji wa jumla mwenye kibali cha KFS cha kusafirisha makaa atakuepushia mzigo kuzuiliwa barabarani na jiko kulala njaa.

Mambo yanayoharibu hesabu

La kwanza ni nyaya. Soketi ya kawaida hubeba karibu kilowati 3. Presha kuka mbili kubwa na birika kwenye kebo moja ya kuongezea zitayeyusha plagi kabla ya kuivisha chochote. Plagi ikiwa moto mkononi au ikinuka plastiki, zima. Mwite fundi aliyesajiliwa na EPRA avute laini ya jikoni pekee, na umpangie mpishi zamu: maharage alfajiri, birika baadaye.

La pili ni stima kupotea au tokeni kuisha. Presha kuka iliyokatikiwa ikiwa tayari ina mvuke itaendelea kupika kwa muda, kwa hiyo usiifungue. Lakini usitegemee bahati. Pika maharage na githeri usiku au alfajiri, na uwe na kichomeo kimoja cha gesi cha ziada kwa siku mbaya.

La tatu ni mtungi mdogo kwenye meko kubwa. Gesi inayotoka kwa kasi hupoza mtungi, na asubuhi za baridi za Nakuru utaona umande, hata barafu, upande wa nje huku moto ukififia ilhali gesi bado imo. Usiupashe mtungi kwa maji ya moto wala moto. Unganisha mitungi miwili kwa kifaa chake maalum au hamia mtungi wa kilo 50, uwekwe nje penye hewa, na viungio vipakwe povu la sabuni kila unapobadilisha. Mapovu yakifura, gesi inavuja.

La nne ni kuhesabu bila kupima. Chagua chakula kimoja, upime kwa siku tatu. Kwa makaa, pima kabla na baada, ukitoa yale yaliyozimwa na kurudishwa. Kwa gesi, weka mtungi wote kwenye mizani kabla na baada. Kwa stima, zima friji kwa muda huo na usome uniti kwenye mita. Gawanya gharama kwa sahani ulizouza. Fanya hivyo kwa vyakula vinne vinavyouzwa zaidi, na uandike ukutani bei ambazo zikivukwa utabadilisha: kwa hoteli yetu ya mfano, gesi ikipita 240 kwa kilo, ugali urudi kwenye jiko la kauri, stima ikipita 60 kwa uniti, maharage yahamie gesi. Bei ikisogea, mpishi atajua la kufanya bila kukusubiri.